Potifolio ya dizaina anayetafuta wateja wa kwanza: kutoka mafaili 38 hadi kazi 6

Binti mmoja niliyekuwa nikigawana naye meza kwenye chumba cha kukodi Kariakoo alikuja siku moja na laptopu imefunguliwa. Alitaka nimwangalizie potifolio kabla hajaituma. Alikuwa amemaliza chuo miezi minne nyuma na anatafuta wateja wake wa kwanza. Ndani kulikuwa na kazi 38, zimepangwa kwa tarehe, na ya kwanza kabisa ilikuwa posta ya mkutano wa injili aliyoitengeneza akiwa mwaka wa pili. Nilimuuliza anataka kumtumia nani. Akasema, "Yeyote mwenye biashara, kaka."

Tulikaa nayo wikiendi mbili. Nitaeleza tulivyofanya, kwa sababu makosa yake nayaona kwa karibu kila kijana anayeanza, na mimi mwenyewe niliyafanya.

Anza na mteja

Huwezi kuchagua kazi kabla hujajua itatazamwa na nani. Mwenye saluni anataka kuona bango la mlangoni na kadi ya bei. Mama anayesaga karanga na kuzifunga kwenye makopo anataka kuona lebo. Ukiwapelekea faili moja lenye kila kitu, kila mmoja itambidi avuke vitu 20 visivyomhusu ndipo akute kimoja kinachomhusu, naye hana muda huo. Anafungua simu huku anahudumia mteja wake.

Binti huyu, baada ya kuulizwa maswali, alijua vizuri kitu kimoja: lebo. Mama yake mdogo anatengeneza pilipili ya chupa, na kupitia yeye alikuwa amekutana na wajasiriamali wengine wa asali, unga wa lishe na sabuni, watu wanaokwenda kwenye mafunzo ya SIDO na kuweka meza Sabasaba. Hao tayari walikuwa wanamjua kwa sura. Basi tukaandika sentensi moja kwenye karatasi na kuibandika ukutani: *Wenye bidhaa za kufungasha wanaotaka lebo ya kuingia nayo dukani.* Kila uamuzi uliofuata tuliupima kwa sentensi hiyo.

Wako anaweza kuwa mtu mwingine. Muhimu awe mtu unayeweza kumfikia ndani ya mwezi huu kwa njia unayoijua, kama ndugu wa rafiki, jirani wa fremu, au watu wa kikundi kimoja cha kukopeshana.

Mwaga kila kitu mezani

Chukua daftari, usitumie kompyuta. Andika kila kazi kwenye mstari wake, na mbele yake ujibu mambo manne: nani aliiomba, je ilichapwa au kutumika, faili lake la asili bado ninalo, na sehemu gani niliifanya mimi.

Zake zilitoka hivi: mazoezi ya chuo 11, posta za kanisa 9, picha za heri ya kuzaliwa 6, kadi za harusi na michango 5, nembo 4, fulana ya mahafali 1, lebo ya pilipili 1, na lebo ya sabuni ya maji ya jirani yao 1.

Hapo ukweli unaonekana wenyewe. Lebo ziko mbili tu kati ya kazi 38, na ndizo zilikuwa zimezikwa namba 22 na namba 31.

Chuja bila huruma

Kwanza toa vyote ulivyojifunzia kwa kufuata video hatua kwa hatua. Kuna chupa ya manukato inayoelea hewani na matone ya maji ambayo nimeiona kwenye potifolio za vijana zaidi ya kumi, rangi tu ndiyo inabadilika. Kisha toa zilizotokana na violezo vya Canva ambapo ulibadilisha jina na picha. Hakuna ubaya kuvitumia kwa kazi ya haraka, lakini mteja akikuambia "nifanyie kama hii, ila tofauti", utakwama. Hiki ndicho kipimo changu: kama siwezi kuirudia kazi hiyo kwa mtu mwingine ndani ya muda ninaouahidi, haiingii.

Kazi ya kikundi inaweza kubaki, ila useme sehemu yako. "Nilichora nembo, bango lilipangwa na mwenzangu." Mji ni mdogo, na huyo mwenzako anaweza kumtumia mteja huyohuyo kazi hiyohiyo.

Halafu kuna suala la ruhusa, ambalo vijana wengi hawalifikirii hasa kwenye kadi. Kadi ya mchango wa harusi ina majina ya watu, namba za simu na mara nyingi namba za kupokelea pesa. Usiitoe ilivyo. Badilisha majina, futa namba, na uwaombe wenyewe. Kwa lebo na nembo, ujumbe mfupi unatosha: "Mama, naomba kuonyesha lebo niliyokutengenezea kwa wateja wengine." Sijawahi kunyimwa, na mara mbili mtu aliyeombwa alinielekeza kwa mteja mwingine palepale.

Kutoka 38 zikabaki 4: lebo ya pilipili, lebo ya sabuni, seti ya kibanda cha juisi (nembo, orodha ya bei, na stika ya kikombe), na kadi moja ya mwaliko wa harusi. Kadi tuliibakisha ingawa si lebo, kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamepangwa kwa uangalifu mkubwa, mistari 14 kwenye nafasi finyu na yote inasomeka. Lebo inataka mkono huohuo. Alihuzunika kuiacha posta moja ya kanisa aliyokesha nayo siku tatu. Uchovu wake ulikuwa wa kweli, ila mwenye asali asingeuona.

Ziba pengo kwa kazi ya kujipa, na useme ni ya kujipa

Kazi 4 ni chache, hasa zikiwa na lebo mbili tu. Sita hadi nane ndicho kiasi ninachokipenda kwa anayeanza. Zikizidi hapo, zile za mwisho huwa dhaifu, na mteja hukumbuka ile dhaifu.

Tuliongeza mbili: asali na unga wa lishe. Hatukuchukua picha ya mtandaoni ya mtungi mweupe na kubandika mchoro juu yake. Mokapu za namna hiyo zinafanana zote, na mtu anayefungasha bidhaa anazijua; lebo inakaa pale bila kujikunja hata kidogo. Alinunua mtungi wa kioo mtupu, akaupima mzunguko kwa uzi, akachora lebo kwa kipimo hicho na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatia. Akachapisha stika mbili tu, akabandika. Ya kwanza iliingia mapovu na ikapinda. Ya pili ilikaa, ila akagundua kwamba neno "ASALI" alilolitandaza upana wote lilipinda nyuma ya mtungi, na ukiutazama kwa mbele unasoma "SAL". Akalipunguza hadi likaenea kwenye theluthi moja ya mzunguko. Hilo asingeliona kamwe kwenye kioo cha kompyuta.

Picha alipiga kwa simu, asubuhi, karibu na dirisha, na karatasi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Nyingine aliipiga baada ya kumwomba mwenye duka la mtaani kuuweka mtungi kwenye rafu katikati ya bidhaa nyingine. Picha hiyo ya rafu ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa inaonyesha kama lebo inaonekana ikiwa na majirani.

Hapa kuna mitego miwili. Usitumie jina wala nembo ya kampuni iliyopo, mtu akadhani walikuajiri. Na usiweke alama ya ubora ya TBS kwenye bidhaa ya kubuni. Alama ile hutolewa kwa leseni, na mwenye bidhaa anayejua taabu ya kuipata atakuona hujui unachofanya. Acha nafasi yake tupu. Chini ya picha andika wazi: "Kazi ya kujipa, bidhaa haipo sokoni." Kwa uzoefu wangu wateja hawajali kwamba ni ya kujipa. Wanakasirika wakigundua baadaye.

Andika kilichotokea

Kila kazi inahitaji maneno machache, sentensi mbili hadi nne. Alipoanza, chini ya pilipili alikuwa ameandika: "Muundo huu unaakisi ubora, upekee na maono ya chapa." Maneno hayo yanaweza kukaa chini ya kazi yoyote duniani, kwa hiyo hayasemi kitu.

Nilimwambia anisimulie tu mambo yalivyokuwa. Akasema lebo ya kwanza mama mdogo aliirudisha. Barkodi alikuwa ameichora nyekundu ili ilingane na pilipili, na ilipofika supamaketi moja mashine ikagoma kuisoma. Vifaa vingi vya kusomea hutumia mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo mistari myekundu haiachani na weupe. Kifaa kinaona karatasi tupu. Tatizo la pili lilikuwa tarehe. Alikuwa amefunika lebo nzima kwa laminesheni inayong'aa, na wino wa muhuri wa tarehe ukawa unafutika kwa kidole. Akaichora upya: barkodi nyeusi juu ya nyeupe, upana usiopungua milimita 30, na kisanduku cha tarehe kisichofunikwa laminesheni.

Nikamwambia hayo ndiyo maelezo ya kazi yako, yaandike. Yakawa hivi:

*Lebo ya pilipili, chupa ya gramu 250. Toleo la kwanza barkodi yake haikusomeka dukani na tarehe ilifutika. Nilibadilisha rangi ya barkodi na kuacha kisanduku cha muhuri bila laminesheni. Toleo hili ndilo lililoko sokoni.*

Aliogopa kwamba kukiri kosa kutamharibia. Mwenye asali anayesoma hayo haoni kosa la binti. Anaona hasara ambayo yeye hataipata.

Kama huna kisa cha namna hiyo, andika kile ulichokabidhiwa na jinsi ulivyoamua. Kwenye sabuni aliandika kwamba mteja anauza chupa ya mililita 500 na dumu la lita 5, na hakutaka kulipia michoro miwili, hivyo alipanga lebo moja inayokubali kukuzwa bila maandishi ya viambato kuwa madogo mno kwenye chupa ndogo.

Panga mfuatano sakafuni

Chapisha kila kazi ndogo, saizi ya kadi ya posta, nyeusi na nyeupe inatosha, au andika tu majina kwenye vipande vya karatasi. Vitandaze chini. Kupanga kwa kuburuta kwenye kompyuta kunakufanya uone mbili mbili, wakati sakafuni unaona zote kwa mara moja.

Mpangilio wake wa kwanza baada ya mchujo ulikuwa kutoka bora kwenda duni: pilipili, sabuni, asali, juisi, unga, kadi. Inaonekana ni busara, lakini ifuate kama mtazamaji: kila ukurasa unaofuata ni hafifu kidogo kuliko uliopita, na unapofunga faili kilichobaki machoni ni kadi ya harusi. Mtu aliyetafuta lebo anaondoka akifikiri huyu ni binti wa kadi.

Tulipanga upya kwa sababu hizi. Nafasi ya kwanza ni ya kazi iliyo karibu zaidi na haja ya mteja, na iwe ya kweli, si ya kujipa: pilipili. Ya pili inathibitisha kwamba ya kwanza haikuwa bahati, kwa hiyo iwe lebo nyingine, ila ya sura tofauti: asali, kioo na rangi ya kahawia baada ya wekundu. Ya tatu ni juisi, kwa kuwa ina vitu vitatu vya biashara moja, na inamwambia mwenye bidhaa kwamba akirudi kutaka bango au kadi, yupo wa kumfanyia. Ya nne ni unga wa lishe. Kazi mbili za kujipa hazikai pamoja. Zikifuatana, mtu anaanza kujiuliza kama huyu amewahi kulipwa. Ya tano ni kadi, ukurasa mmoja tu, kama pumziko. Na ya mwisho ni sabuni, lebo ya pili kwa nguvu, ya kweli, iliyochapwa na kuuzwa, ili kinachobaki machoni mwa mtu kiwe lebo.

Angalia pia majirani. Kazi mbili zenye rangi moja zikigusana huonekana kama kazi moja iliyorudiwa. Kama huna namna ya kuzitenganisha, badilisha picha: moja iwe ya rafu, nyingine ya karibu inayoonyesha kona ya lebo na vidole vilivyoishika.

Tengeneza kwa ajili ya simu

Mteja ataifungua kwenye simu, iliyosimama, pengine yenye ufa. Ukurasa wa A4 uliolala unamlazimisha kuzungusha simu au kukuza kwa vidole. Yeye alitumia kurasa za wima za pikseli 1080 kwa 1350, maandishi yasiyopungua pikseli 36, na kitu kimoja kwa kila ukurasa. Jumla zikawa kurasa 15: kava 1, pilipili 3, asali 2, juisi 3, unga 2, kadi 1, sabuni 2, na ya mawasiliano 1.

Kava iwe na jina lako na unachofanya kwa maneno ya kawaida. "Natengeneza lebo za bidhaa za kufungasha" inatosha. Wasifu mrefu, orodha ya programu unazojua na vile vipau vya asilimia, Photoshop 85, Illustrator 90, viache. Sijawahi kukutana na mteja aliyejua 85 ya nini.

Faili lisizidi megabaiti 5. Mtu anayenunua bando la siku hatapakua megabaiti 40 ili akutazame. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuziweka ndani, na unapohifadhi PDF chagua `Smallest File Size`, kisha ulifungue kwenye simu yako uone kama maandishi madogo ya lebo bado yanasomeka. Kama yameharibika, hifadhi upya kwa ubora wa juu zaidi na upunguze idadi ya picha. Lipe jina linaloeleweka, kwa mfano `Lebo_za_bidhaa_JinaLako.pdf`. Jina kama `final_final2.pdf` litapotea kwenye simu yake siku hiyohiyo. Na kwenye WhatsApp litume kama `Document`. Ukituma kurasa kama picha za kawaida zitabanwa ubora, na pia mfuatano uliohangaikia utachanganyika na picha nyingine za mazungumzo.

Bei nimekuwa nikishauri isiwekwe. Lebo ya chupa moja na lebo za ladha sita si kazi moja, na bei iliyoandikwa itakufunga. Badala yake ukurasa wa mwisho useme unachohitaji ili uanze: picha ya chombo, vipimo vyake, na maandishi yote ya lebo yakiwemo uzito halisi, viambato, na jina na anwani ya mtengenezaji.

Ijaribu kwa macho ya mtu mwingine

Usimpe dizaina mwenzako, atatazama fonti. Tulimpa shangazi yake anayeuza vitenge. Tulimwambia tu, "Shangazi, hebu tazama," tukanyamaza tukiangalia kidole gumba. Alipita kava haraka, akakaa kwenye pilipili, akakuza picha kusoma viambato, akapita asali, akasimama kwenye rafu ya duka na kuuliza, "Hili duka la nani?" Kwenye ukurasa wa pili wa juisi akaruka. Ulikuwa na nembo ileile kwa rangi nne. Tukautoa, tukabaki na kurasa 14.

Baadaye maswali ya wateja ndiyo yatakuambia kama mpangilio unafanya kazi. Akiuliza "Hii ulichapia wapi, inashika maji?" yuko ndani tayari, anafikiria bidhaa yake. Akiuliza "Na lebo unatengeneza?" wakati umemtumia lebo nne, basi hakufika mbali, na kosa liko kwenye kurasa zako mbili za mwanzo. Akiuliza bei ya kitu cha pembeni, kama ilivyomtokea mara mbili kuhusu kadi ya harusi, kitu hicho kimekaa mbele mno au kimechukua nafasi kubwa mno.

Zile kazi nyingine usizifute. Ziweke kwenye folda moja zikiwa kurasa tayari, kwa kipimo kilekile, ili mwenye mgahawa akijitokeza uweze kuisogeza juisi iwe ya kwanza, utoe unga, na kutuma faili jipya ndani ya nusu saa.

Alituma kwa watu 9 aliokuwa anawafahamu. Wawili walijibu siku ileile, na mmoja wao, anayefuga nyuki, alimlipa nusu ya pesa kama malipo ya awali kabla ya wiki kuisha. Lebo hiyo ilipochapwa, aliipiga picha karibu na dirisha lilelile, akaiweka nafasi ya pili, na asali ya kujipa ikatoka.